Keki zako, pikipiki yangu

Swali la wiki: "Unataka kuanzisha biashara ya pembeni na rafiki yako. Ungemwandikia ujumbe gani?"

Ningemwandikia rafiki yangu anayeoka keki akitoka kazini. Oda za mbali zinampita kwa sababu hana wa kumpelekea, na mimi nina pikipiki ambayo Jumamosi imeegeshwa tu. Ila nisingemwambia tugawane nusu kwa nusu. Wengi huanzia hapo, wakiona ndiyo haki. Keki moja inamla yeye saa tatu za kupima, kuoka, kupoza na kupaka krimu, na mimi nikiipeleka narudi ndani ya saa moja. Angeumia, na kwa kuwa ni rafiki angenyamaza. Unyamavu huo ndio ninaouogopa.

Ningemwandikia hivi:

"Rafiki yangu, habari za tangu juzi? Nina wazo, usinijibu leo, lifikirie kwanza. Wewe uoke, mimi nipeleke, Jumamosi tu, tujaribu wiki nne. Tusinunue kitu cha pamoja zaidi ya makasha ya keki na mkeka wa mpira wa kutandika kwenye boksi la pikipiki. Oveni ibaki yako na pikipiki yangu, tukiona haiendi kila mtu abaki na chake.

Hesabu naiona hivi. Bei ya keki tuigawe mafungu 100. Tuseme viungo ni 40, gesi na kasha 10, pikipiki 8. Hizo zimrudie kwanza aliyezitoa. Zinabaki 42. Tutenge 6 kwa ajili ya keki itakayoharibika njiani. Zile 36 tulipane kwa saa: wewe tatu, mimi moja, yaani 27 zako, 9 zangu. Nikibeba keki mbili safari moja, kwa kila keki nihesabiwe nusu saa tu, wewe upate karibu 31. Namba hizi ni za mfano, gharama za jikoni unazijua wewe. Zirekebishe, kisha tukae tuongee."

Hilo fungu la 8 nisingelikisia, maana hapa ndipo wenye pikipiki tunapojipunja. Najaza tangi, naandika kilomita zinazosomeka, naendesha kama kawaida kwa wiki, kisha najaza tena. Lita zilizoingia nikizigawa kwa kilomita nilizotembea, kisha nikazidisha kwa bei ya lita, napata gharama ya mafuta ya kilomita moja. Juu yake naongeza oili, tairi, mnyororo na breki, kila kimoja bei yake igawanywe kwa kilomita kinazodumu. Na mteja aliye kilomita 6 kutoka kwake si safari ya kilomita 6. Kuna kwenda kuichukua keki, kuipeleka, na kurudi nyumbani. Anayehesabu mafuta ya kwenda tu atajiona ana faida hadi siku tairi litakapokwisha.

Kabla ya mteja wa kwanza ningemwomba keki moja ya majaribio, niipitishe njia ileile yenye matuta. Siagi huanza kuyeyuka kwenye nyuzi joto 32 hivi, na krimu yake hulegea hata kabla ya hapo, kwa hiyo keki ilale kwenye friji usiku kucha na itoke wakati pikipiki imeshafika. Kibao cha chini kienee kasha kabisa, kasha likae bapa juu ya mkeka, na nafasi za pembeni zizibwe lisiteleze. Begi la mgongoni halifai, kwa sababu kila ninapoinama keki inainama nami.

Nikifika, tunalifungua kasha na keki yenyewe inasema. Tabaka la juu likisogea mbele, nilifunga breki kwa ghafla. Krimu ikipasuka chini, karibu na kibao, mtikisiko ndio uliozidi, kwa hiyo naongeza sponji chini ya mkeka na kupunguza mwendo. Ikiteleza ubavuni na kung'aa, joto limeiwahi. Keki za ghorofa nisingezigusa kwa pikipiki, hizo akodi gari na gharama iingie kwenye bei.

Mambo mawili ningeyamaliza kabla ya oda ya kwanza. Ningeuliza kampuni ya bima kama bima yangu inakubali kubeba mizigo ya biashara, maana nyingi za matumizi binafsi hazikubali. Halafu picha: moja kasha likiwa wazi mezani kwake, nyingine mlangoni kwa mteja. Picha ya kwanza ikiwa nzima na ya pili imebomoka, mteja arudishiwe pesa yake, viungo vilipwe kutoka kwenye zile 6, na siku hiyo mimi nisichukue zangu 9 kwenye oda nyingine hadi tujue ni shimo lipi lililotuponza.