Ndizi haimo kwenye andiko la ndizi

*Shikamoo mwalimu. Kikundi chetu cha akina mama hapa Machame kinakausha ndizi. Maneno ninayowaambia wateja kwa dakika mbili nimeyaweka kama yalivyo mwanzoni mwa andiko letu la biashara la kuombea mkopo wa halmashauri. Afisa aliyelisoma akaniuliza, "Kwani mnauza nini?" Nakutumia. Nianzeje?*

Marahaba, mama. Sentensi yako ya kwanza inasema: "Katika ulimwengu wa sasa wa ushindani, sisi kama kikundi cha wanawake wajasiriamali ambacho kinajihusisha na shughuli za uongezaji thamani wa mazao ya kilimo, ambayo yanapatikana kwa wingi katika mkoa wetu, tutakuwa tunazalisha bidhaa ambazo zitakuwa mkombozi kwa wadau wa sekta ya utalii."

Nimeisoma mara tatu nikiitafuta ndizi. Haimo. Imefunikwa na "mazao ya kilimo", kisha "bidhaa". Unapoongea na mtu uso kwa uso pakiti unayo mkononi, naye anaiona. Afisa ana karatasi tu. Kwa hiyo taja ndizi, tena taja kuwa ni kisukari.

Mnunuzi naye amejificha kwenye "wadau wa sekta ya utalii". Barua yako inasema ni kampuni tatu za Moshi zinazopandisha wageni mlimani. Hapa Kiswahili kina chombo kizuri, kauli ya kutendea. Ukisema "tunawauzia", neno hilo moja limeshasema ni nani anauza, kwamba kazi inaendelea sasa, na kwamba kuna watu wanaopokea. Anza nalo, kisha wataje watu wenyewe.

Kosa linaloniuma zaidi ni "tutakuwa tunazalisha". Mmeuza tangu Juni, ila wakati ujao umewafanya muonekane watu wenye ndoto tu. Kwa mkopeshaji, -me- ni ushahidi, -na- ni kazi iliyopo, na -ta- ni ahadi. Andiko linalojaa -ta- linasomeka kama biashara ambayo haijaanza, na wewe umezipanga -ta- hata pale ulipostahili -me-. Pitia kila kitenzi ukijiuliza: hili tumeshalifanya? Likiwa limefanyika, lipe -me- na idadi yake.

Kuhusu "ambacho… ambayo… ambazo": si makosa ya sarufi, ila tatu ndani ya sentensi moja zinamfanya msomaji ashikilie mwanzo huku akisubiri mwisho. Zikate ziwe sentensi fupi, au tumia kirejeshi cha ndani ya kitenzi: "zinazokaa" badala ya "ambazo zinakaa". "Ulimwengu wa sasa wa ushindani" ufute kabisa.

Nimechukua takwimu zako mwenyewe, zilizokuwa zimelala ukurasa wa nne, nikaandika hivi:

"Tunawauzia wanaopandisha wageni Mlima Kilimanjaro ndizi kisukari zilizokaushwa, zinazokaa safari nzima bila kuharibika. Ndizi mbivu huchubuka mzigoni na kuwa nyeusi, tena ni nzito, na mzigo wa mpagazi mwisho wake ni kilo 20. Sisi kilo 5 za ndizi mbivu tunazikausha zikabaki kilo 1. Tangu Juni tumeuza kilo 140 kwa kampuni tatu za Moshi, kilo 35 kila mwezi, na oda nyingine tumezikataa kwa kukosa nafasi ya kuanika. Tunaomba shilingi milioni 6 za kununua makaushio mawili ya jua, ambayo yatatufikisha kilo 90 kwa mwezi."

Tazama -ta- imebaki mahali pamoja tu, mwishoni, kwenye kile ambacho mkopo utaleta. Hapo ndipo pake. Na "ambayo" moja nimeiacha kwa makusudi, kwa sababu "yatakayotufikisha" ni zito mdomoni. Ile kilo 20 nayo nimeiweka karibu na kilo 5 zinazobaki 1 ili msomaji apige hesabu mwenyewe. Zikitengana, kila moja inakuwa namba tu.

Kabla hujapeleka, mpe aya hii mtu asiyejua kazi yenu, hata yule anayekukatia tiketi stendi. Asome mara moja, umnyang'anye karatasi, umuulize: nani ananunua, na hela ni ya nini? Akikwama kwa mnunuzi, rekebisha sentensi ya kwanza. Akikwama kwa hela, tatizo liko sentensi ya mwisho.

Habari za kikundi kilivyoanzishwa na wingi wa migomba Machame zipeleke sehemu ya maelezo ya kikundi. Na maneno ya dakika mbili endelea kuyasema sokoni kama unavyoyasema, pakiti ikiwa mkononi.