Foleni ya steshenari ipime kwa saa kabla ya kununua printa

Mwanafunzi wa mwaka wa pili anafika steshenari saa nne asubuhi, siku ya kuwasilisha kazi, na kukuta watu kumi na wawili mbele yake. Kabla hajafika dirishani, biashara imeshajengeka kichwani: printa moja ya leza, meza, kompyuta ya mtumba, na wateja hawa hawa. Wazo hili huwajia wengi wanaoanza, na huwa lina kitu cha kweli ndani yake. Shida ni kwamba anachokiona ni watu wanaosubiri, ilhali bado hajajua wanasubiri nini.

Kwa hiyo kesho yake asubuhi anarudi na daftari, anakaa pembeni kuanzia saa mbili, na kuandika mambo mawili tu: mteja amefika dakika gani, na ameondoka dirishani dakika gani. Anaona kwamba kwa saa moja wanafika watu 24, na wanaohudumiwa ni 20. Kila saa foleni inaongezeka watu wanne, ndiyo maana ilipofika saa tano kulikuwa na watu kumi na wawili wamejipanga. Kila mteja anachukua dakika tatu, basi anayefika wakati huo atasubiri dakika 36 kabla ya kuhudumiwa.

Sasa anazigawa zile dakika tatu, na hapa ndipo penye faida yote ya zoezi. Kati ya sekunde 180, printa inafanya kazi sekunde 40 tu. Printa ya kurasa 20 kwa dakika huchapa kazi ya kurasa kumi kwa sekunde 30, na sekunde kumi nyingine ni za kupasha moto kabla ya ukurasa wa kwanza. Sekunde 140 zilizobaki zinaliwa na mengine: kuchomeka flashi na kuisubiri ikaguliwe virusi, kutafuta faili miongoni mwa mafaili yenye majina kama "mwisho", "mwisho2" na "mwisho kabisa", kurekebisha kurasa zilizohama, kuuliza kama anataka pande mbili, kuhesabu kurasa, kutafuta chenji.

Angenunua printa ya kurasa 40 kwa dakika, mara mbili ya kasi, angeokoa sekunde 15. Huduma ingeshuka hadi sekunde 165, na dirisha lingehudumia karibu watu 22 kwa saa. Wanaofika ni 24. Foleni ingebaki, na yeye angekuwa amemaliza mtaji. Lakini akizipunguza zile sekunde 140 zikawa 60, kila mteja anachukua sekunde 100, na dirisha lile lile lenye printa ile ile ya zamani linahudumia watu 36 kwa saa. Biashara iliyofichika kwenye ile foleni ni ya kuandaa mafaili.

Kuna kosa la pili ambalo karibu kila mgeni hulifanya: kuhesabu wiki ya mavuno na kuifanya wiki ya kawaida. Mwanafunzi wetu aliona kazi 60 zikihudumiwa kati ya saa mbili na saa tano, akazichukua kuwa za siku nzima. Akizidisha kwa siku tano za wiki 14 za muhula, anapata kazi 4,200, na kwenye karatasi mradi unang'aa. Anaporudi katikati ya muhula anakuta kazi nane kwa siku. Tuseme wiki mbili ni za kazi 60 na wiki 12 ni za kazi nane: jumla ni 600 na 480, yaani 1,080. Makisio ya kwanza yalizidi ukweli karibu mara nne. Ukihesabu, hesabu angalau siku tatu zilizo mbali: mwanzo wa muhula, katikati, na wiki ya kuwasilisha.

Kazi 1,080 za kurasa kumi ni kurasa 10,800, na hizo nazo zina mtego wake. Katriji iliyoandikwa kurasa 2,000 imepimwa kwa kurasa ambazo wino umefunika takriban asilimia 5 tu ya karatasi, sawa na barua fupi. Kazi yenye majedwali, michoro na nembo kwenye jalada hufika kwa urahisi asilimia 10, na katriji ile ile ikaishia karibu kurasa 1,000. Badala ya katriji sita kwa muhula, atahitaji kumi na moja. Hesabu ya wino inafaa ifanywe kwa kuchapa kazi halisi za wanafunzi, kamwe si kwa namba ya kwenye boksi.

Basi anabadili wazo. Anakubaliana na mwenye steshenari: yeye atapokea mafaili jioni, atayakagua, atamletea yakiwa tayari kabla ya kufungua, na kila kazi itampa sehemu ndogo ya malipo. Wateja wanakuja asubuhi kuchukua tu.

Kanuni ya kwanza ya kazi hii: mteja atume PDF aliyoitengeneza mwenyewe, kwenye kompyuta aliyoandikia. Faili la Word likifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti ile, fonti nyingine huingia mahali pake, mistari hujipanga upya, na sura iliyoanza ukurasa wa 41 inaanzia wa 43 huku yaliyomo bado yakisema 41. Ukilipokea la Word ukaligeuza wewe kuwa PDF, umeligandisha kosa hilo, na lawama ni yako.

Kila PDF inayoingia, aikague kwa amri mbili za poppler, kifurushi cha programu za kushughulikia PDF:

```
pdfinfo kazi.pdf
pdffonts kazi.pdf
```

Ya kwanza inaonyesha idadi ya kurasa kwenye `Pages` na ukubwa kwenye `Page size`. A4 husomeka karibu 595 x 842 pts. Ukiona 612 x 792, hiyo ni Letter, saizi ya karatasi ya Marekani, na printa nyingi zitasimama katikati ya kazi zikidai karatasi ambayo haipo trei, huku foleni nzima ikisubiri. Ama mrudishie mwenyewe abadili, ama chagua `Fit` wakati wa kuchapa, lakini mwambie kwanza, kwa sababu maandishi yatapungua kidogo. Amri ya pili ina safu ya `emb`, inayosema kama fonti imo ndani ya faili lenyewe: kila fonti iwe `yes`. Penye `no`, herufi zinaweza kubadilika dirishani, na alama za hesabu ndizo huharibika mwanzo.

Idadi ya kurasa amtumie mteja na kupata jibu kabla ya kuchapa, pamoja na swali moja la pande mbili au moja. Ugomvi mwingi wa asubuhi hutokana na hayo mawili. Na mafaili ayafute jioni ya siku ya kuchukuliwa, maana tasnifu ya mtu ikivuja kwa mwenzake, hakuna atakayemletea nyingine.

Jioni ya kwanza apokee kazi kumi, asizidishe. Asubuhi asimame dirishani na saa yake, apime sekunde za kila kazi, na aandike ngapi zimerudiwa na kwa nini. Zikirudiwa zaidi ya moja kati ya kumi, ukaguzi wake una tundu, na alizibe kabla ya kupokea ya kumi na moja.