Futa hayo maelezo kabla hujaituma hiyo picha

> "Wakuu, nipo kwenye kundi la wapiga picha, watu poa sana. Wiki hii naweka picha ninayotaka kuipeleka kwenye maonyesho. Nimeandika stori yake ndefu ili waielewe vizuri, halafu niwaulize mnaionaje. Maswali: niulize nini kingine? Nikiombwa maoni kwenye picha mbovu ya mwenzangu nasemaje bila kumuumiza?"

Usiitume. Sisemi usiitume kabisa, nasema usiitume na hiyo stori. Hapo ulipo ndipo nilipozama mimi, na nilichoambulia ni fremu moja kubwa ambayo mpaka leo imegeuziwa ukutani.

Picha yenyewe ilikuwa hivi. Mzee amekaa kizingitini anamfunga mjukuu wake vifungo vya shati. Kwangu mimi picha nzima ilikuwa mikono: ya mzee imekakamaa, ya mtoto imeshika goti la mzee. Nikaituma kundini na aya nzima juu yake, kwamba vidole vya mzee vimeanza kugoma lakini hakubali mtu mwingine amfunge mtoto vifungo. Chini yake nikaandika, "Mnaionaje?"

Basi ikawa sherehe. "Mikono inaongea!" "Mkuu umenitoa machozi." Moto, moto, makofi. Nikaamini. Kumbe nimewapa majibu kwanza, kisha nikawatahini, halafu nikashangaa wote wamefaulu. Hakuna aliyeiona mikono kwenye picha. Waliisoma kwenye maelezo, wakaenda kuithibitisha.

Nikachapisha kubwa, nikatia fremu, nikapeleka. Kwenye maonyesho ukutani palikuwa na jina la picha na jina langu, basi. Nimesimama pembeni najifanya mtazamaji wa kawaida, nasubiri watu walie. Wa kwanza akaitazama, akainama kona ya chini kulia, akamuuliza mwenzake, "Hii ndoo ina maana gani?" Wa pili naye, ndoo. Baadaye akaja mmoja akaisifia sana, akasema ni picha nzuri kuhusu shida ya maji.

Ndoo! Ndoo nyekundu ya plastiki, nusu imekatwa na ukingo wa picha, imepigwa jua la mlangoni. Mimi sikuwahi kuiona kwa sababu nilikuwepo siku ile, na kichwani mwangu mikono ilikuwa mikubwa kuliko kitu chochote. Lakini jicho la mtu asiyejua stori hukimbilia sehemu yenye mwanga mkali kuliko nyingine, au rangi inayopiga kelele, au uso, au maandishi. Mikono yangu ilikuwa kivulini, ngozi ya kahawia juu ya shati la kahawia. Haikuwa na nafasi mbele ya ile ndoo. Tena kitu chenye rangi kali kikikatwa na ukingo kinamvuta mtazamaji nje ya fremu kabisa, kwa hiyo hata aliyejaribu kuifikia mikono alirudishwa konani.

Na kwa nini kundini hakuna aliyesema? Wengine hawakuifungua. Kwenye programu nyingi za kuchati picha ya wima ikionekana kwa udogo inakatwa juu na chini, na ndoo ilikuwa chini. Mtu anaona vipande vya nyuso, anasoma stori, anabonyeza moto, anaendelea na maisha yake. Wengine waliiona. Najua, kwa sababu mkongwe wa kundi letu alikuja kwenye maonyesho akaniambia huku anacheka, "Hata mimi ile ndoo niliiona siku ile, ila sikutaka kukuvunja moyo."

Huyu huyu! Ndiye aliyetufundisha kwamba picha bila maelezo mazito ni yatima. Ndiye aliyeweka sheria kwamba kila maoni yaanze na sifa mbili ndipo kasoro moja, sheria ambayo ilikuwa ikiishia kwenye sifa ya pili kila siku. Moyo wangu alioulinda ndio uliokwenda kulipia fremu. Sina kinyongo, ila picha zake zote sasa nazitazama kuanzia kona.

Kwa hiyo kanuni ni moja: picha iende uchi, na swali liwe lile ambalo haliwezi kujibiwa kwa sifa. "Mnaionaje?" jibu lake ni "kali". Uliza hivi: "Jicho lako limetua wapi kwanza, kisha likaenda wapi?" Hapo mtu hawezi kukupa moto, lazima ataje kitu. Akishajibu, uliza: "Unadhani hapa kuna nini kinaendelea?" Akikwambia shida ya maji wakati wewe ulipiga upendo wa babu, umeshapata unachotaka kujua.

Na usiulize kundini. Komenti ya kwanza ikishasema mikono, ya kumi nayo itasema mikono. Mfuate mtu mmoja mmoja faraghani, watatu au wanne wanatosha, na angalau mmoja awe hajui kamera kabisa. Asiyejua kamera hakuambii habari za mwanga, anakwambia "hii ndoo vipi". Wakijibu, funga mdomo. Ukianza "aa, pale nilitaka kuonyesha...", umeshairudisha stori mlango wa nyuma. Sema asante tu. Wawili wakitaja kitu kilekile bila kuambiana, kishughulikie. Kila mmoja akitaja chake, tulia, huenda ni ladha zao tu.

Mimi baada ya aibu ile niliigeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe kwa majaribio. Wekundu ukazimika, ndoo ikawa kitu cha kijivu tu, lakini mng'ao wa jua juu yake ukabaki. Hapo nikajua tatizo ni mawili, rangi na mwanga, na kupunguza wekundu peke yake kusingetosha. Nilikata kipande cha chini mpaka ndoo ikatoka, nikaongeza mwanga kidogo kwenye mikono, nikairudisha kwenye rangi. Nikawauliza watu wapya, maana wale wa kwanza walishajua kuna ndoo na wangeitafuta hata isipokuwepo. Wengi wakatua kwenye uso wa mtoto, wakashuka mikononi. Hiyo njia nilikuwa naitaka.

Ila swali la jicho halikwambii kama picha imekosa ukali, hasa ikitazamwa kwenye simu. Kundi linaminya faili, na kwenye kioo kidogo karibu kila kitu kinaonekana kikali. Kama unachapisha kubwa, mtumie faili asilia mtu mmoja anayejua, mwambie aikuze mpaka kope za jicho lililo karibu na kamera, akuambie kama zimekaa sawa.

Kuhusu picha ya mwenzako, mfanyie hivyohivyo. Usimpe hukumu, mpe ripoti: "Jicho langu lilianza kwenye taa ya nyuma, likakwama hapo, uso nikauona mwisho." Hujamwambia ni mbovu. Akitaka kujua afanye nini atakuuliza, na asipouliza muache. Lakini usije ukainyamazia ndoo ya mtu kwa jina la upole, nitakutafuta.

Sasa nenda kafute hiyo stori. Kama ni nzuri ihifadhi, utaibandika ukutani watu wakishaitazama picha. Ukipata majibu ya hao watatu yalete hapa kama yalivyo, tuone jicho lao limekwama wapi.