Mvua ikivuruga mpango wa asubuhi

"Nina watu 12 hapa Wete, mikarafuu na muhogo. Nawapanga alfajiri, saa 3 mvua inanyesha. Niwahamishe vipi?"

Ndugu yangu, anza na majamvi, si miti. Peleka 7 kuchuma, 3 muhogo, 2 wabaki uwanjani na karafuu zinazoanikwa. Hao usiwaguse hata kukiwa kweupe. Zikirowa zikakaa lundo, huchachuka na kuwa mpeta, bei inaanguka.

Wingu likifunga, wachumaji washuke kabla ya tone la kwanza: tawi la mkarafuu hukatika upesi, na likirowa linateleza. Wapeleke bandani wachambue makonyo. Wa muhogo waache palizi, maana magugu yaliyong'olewa hushika tena kwenye udongo mbichi, wapande vipando. Jua likirudi, usipandishe mtu mpaka magome yakauke.