Mshono wa uzazi: maumivu yaliyorudi siku ya 8

"Nimejifungua siku 8 zilizopita hapa Moshi, nikashonwa. Maumivu yalishapungua, ila tangu jana yamerudi na pedi inanuka. Mama mkwe anasema ni kawaida, anikande tu. Ni kweli?"

Hongera mdogo wangu, na pole. Nenda kituo cha afya leo, usingoje kliniki ya mtoto.

Mshono huuma zaidi siku 2 au 3 za mwanzo, kisha unapoa polepole. Kuvuta ukikaa, kuwashwa, hata kipande cha uzi kudondoka kwenye pedi, hayo ni ya kawaida. Maumivu yaliyopungua yakarudi kwa kupwita, pamoja na harufu mbaya, yanaashiria maambukizi. Jitazame kwa kioo: ukiona usaha, kidonda kimeambukizwa; ukiona kingo zimeachana, kinafumuka. Ukiwa na homa ya 38 au kutetemeka, nenda hata usiku.

Huenda wakatoa nyuzi, wakasafisha na kukupa antibiotiki. Usishangae wasiposhona tena papo hapo. Kidonda chenye usaha mara nyingi huachwa kijae nyama mpya kutoka chini.

Mama mkwe mwambie kwa upole: maji ya moto huunguza mshono. Osha kwa maji safi ya kawaida, kausha kwa kugusisha kitambaa safi, badilisha pedi kila saa 3 au 4. Panadol haimdhuru anayenyonya.