Kabla Hujaacha Uzamivu Uende Maabara ya Kampuni, Uliza Kama Kazi Yako Itachapishwa

Juma lililopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba amemaliza shahada ya uzamili na ana barua mbili mkononi: moja inampokea kwa masomo ya uzamivu, nyingine inampa ajira katika maabara ya utafiti ya kampuni. Lengo lake ni uhadhiri, ila anaona afadhali aanze na kampuni, kisha arudi chuoni baadaye. Njia hiyo niliipita mwenyewe, na ninajua inapozibia.

Mwenye uzamivu hupokelewa na kampuni bila shida kubwa. Safari ya kurudi ni ngumu zaidi, kwa kuwa kamati ya chuo inayoajiri haiwezi kuona ulichokifanya maabarani. Inaona makala zilizochapishwa, nafasi ya jina lako miongoni mwa waandishi, na barua za wataalamu walioisoma kazi yako. Mtafiti hodari wa kampuni anaweza kukaa miaka mingi bila kupata hata kimoja kati ya hivyo.

Mimi niliajiriwa katika maabara ya betri. Kazi yangu ya kwanza ilihusu viongezi vya elektroliti, kimiminika kinachopitisha chaji ndani ya betri, kwa elektrodi za silikoni, ambayo huvimba sana inapopokea lithiamu, kiasi kwamba utando unaoilinda hupasuka kila betri inapochajiwa. Kiongezi kizuri huufanya utando huo ustahimili. Tulipopata matokeo, makala ilizuiwa hadi ombi la hataza, yaani haki ya kipekee ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, liwasilishwe, na zuio hilo lilikuwa na sababu: barani Ulaya, uvumbuzi uliotangazwa hadharani kabla ya ombi kwa kawaida hupoteza haki ya hataza, ilhali Marekani humwachia mvumbuzi mwaka 1 wa kuwasilisha ombi baada ya kuutangaza. Ombi lilipowasilishwa, makala ikatoka. Ilichelewa, lakini ilitoka.

Kisha nikahamishiwa kwenye ukaushaji wa elektrodi. Unga wa grafiti huchanganywa na gundi na kimiminika hadi uwe rojo, rojo hupakwa juu ya karatasi nyembamba ya shaba, halafu hupitishwa kwenye tanuri. Likikauka haraka mno, gundi hupanda juu pamoja na kimiminika kinachovukiza, na upande ulioshika shaba hubaki dhaifu. Ukibandika utepe wa gundi na kuuvuta, tabaka lote hung'oka na shaba hubaki inang'aa. Tulipata mpangilio wa joto ulioondoa tatizo hilo bila kupunguza kasi ya mtambo. Ndiyo kazi bora kuliko zote nilizofanya pale, na hakuna mtu wa nje aliyewahi kuisoma.

Tofauti ya kazi hizo mbili ndiyo ninayotaka uishike. Mshindani akinunua betri na kuifungua, anaweza kuipima elektroliti na kukigundua kiongezi, kwa hiyo kampuni hukikinga kwa hataza, na ombi la hataza kwa kawaida hutangazwa baada ya miezi 18. Lakini hawezi kuiangalia elektrodi iliyokwisha kauka akajua tanuri lilikuwa na joto gani katika kila hatua. Jambo kama hilo kampuni hulifanya siri ya biashara, na siri haina tarehe ya kufunguliwa. Kundi moja la chuo lilipochapisha baadaye sehemu ya yale tuliyokwisha kuyajua, nililisoma jarida lile kwa uchungu ambao bado haujaniisha.

Jambo hili si geni. William Gosset, mtafiti wa kiwanda cha bia cha Guinness, alipochapisha mwaka 1908 kazi ya takwimu iliyozaa jaribio la t, linalopima kama tofauti kati ya wastani ni ya kweli au ya bahati tu, ilimbidi atumie jina la Student kwa sababu ya masharti ya mwajiri wake.

Kwa hiyo, wewe unayetamani uhadhiri, usiridhike na maneno ya usaili kwamba kampuni inathamini uchapishaji. Tafuta makala za watu wa kitengo kile kile utakachoingia, si za kampuni nzima, utazame kama vijana wa kitengo hicho ni waandishi wa kwanza. Muulize atakayekuwa mkuu wako ni nani huidhinisha makala na ni ipi ya mwisho kukataliwa. Barua ya msomaji wangu inataja uboreshaji wa michakato ya uzalishaji, yaani kazi ya aina ya tanuri langu, na nimemshauri achukue uzamivu. Kama angetaka kuona kazi yake ikiingia kiwandani, ningemwambia kinyume chake, maana hakuna chuo kilichowahi kunipa mtambo kama ule.

Uzamivu unaofadhiliwa na kampuni nao unahitaji uangalifu, kwa sababu tasnifu inaweza kufungiwa isisomwe kwa muda. Mkataba utaje muda huo kwa tarehe, useme unaanza kuhesabiwa lini, na uruhusu angalau sura zisizogusa siri zichapishwe kabla ya utetezi, kwa kuwa nafasi za kazi chuoni utaanza kuziomba wakati huo huo.