Hati Moja, Lugha Tatu: Maswali ya Wafasiri

Nimepewa ripoti ya mahojiano niitafsiri kwa Kiingereza. Imeandikwa kwa Kiswahili, lakini wazee wamenukuliwa kwa Kikuyu, lugha nisiyoijua. Niendelee?

Endelea na Kiswahili, lakini kabla ya kukubaliana malipo mwandikie mteja ni kurasa zipi zina Kikuyu, umwombe mjuzi wa lugha hiyo. Ikiwa mwandishi amekwisha kuweka maana ya Kiswahili kando ya nukuu, unaweza kuitafsiri maana hiyo, mradi useme katika tanbihi kwamba umepitia Kiswahili. Hati ikihitaji cheti cha mfasiri, cheti kitaje lugha ulizozitafsiri wewe mwenyewe, si zaidi.

Mzee anasema “Kamũingĩ koyaga ndĩrĩ.” Je, niweke tu methali ya Kiingereza inayohimiza umoja?

Soma kwanza aya zinazofuata. Methali hiyo husema kwamba watu, hata wakiwa kikundi kidogo, hukiinua kinu. Sasa tuseme kwamba kurasa mbili mbele mzee huyo analalamika, kwa Kiswahili, “siku hizi kila mtu anasubiri mwingine ainame.” Ukiwa umekiondoa kinu na kuweka methali ya kigeni isiyo na mzigo wa kuinuliwa, lalamiko hilo litasomeka kama limezuka tu, na msomaji atadhani kosa ni la mzee. Mimi huyaacha maneno ya Kikuyu yalivyo, nikayafuatisha na tafsiri sisisi ndani ya matini, kisha maana ya matumizi nikaiweka kwenye tanbihi fupi. Methali ya Kiingereza inayolingana nayo inafaa pale tu ambapo msemaji ameipitia njiani na hairudii taswira yake tena, jambo ambalo huwezi kulijua kabla ya kufika mwisho wa hati.

Sehemu ambazo tayari ni Kiingereza nizinakili tu?

Zinakili bila kuzirekebisha, hata sarufi ikiwa mbovu, kwa kuwa ni maneno ya mtu. Tatizo ni kwamba katika tafsiri ya Kiingereza mpaka wa lugha hutoweka, ilhali huenda ofisa alihamia Kiingereza makusudi ili wanakijiji wasimwelewe. Ziweke katika herufi za mlazo, na mwanzoni mwa hati ueleze alama hiyo ina maana gani.

Nukuu za Kikuyu nilizonakili kutoka kwenye skani zinaonekana tofauti na chapa. Kuna hatari?

Ipo. Kikuyu kina irabu saba, na alama iliyo juu ya ĩ na ũ hutenganisha irabu moja na nyingine, si pambo. Irabu hizo hujitokeza mara nyingi mno, kwa hiyo tafuta ĩ katika faili lako: ukikosa hata moja katika aya nzima, programu imezifuta. Zirudishe kwa kuitazama picha ya ukurasa, herufi kwa herufi, kisha mjuzi wa lugha azihakiki.